Storibodi ya katuni ya kunawa mikono: anzia pale mikono inaposuguana

"Dada, habari za kazi. Mimi ni mtu wa grafiki, nimeombwa na walimu wa shule moja ya msingi huku kijijini Njombe niwatengenezee katuni ya dakika moja na nusu ya kufundisha watoto wa awali na darasa la kwanza kunawa mikono. Moshen grafiki za matangazo nafanya, ila storibodi sijawahi kuchora, huwa naingia tu kwenye kompyuta moja kwa moja. Nimewaza sabuni yenyewe ndo iwe msimulizi, iwe na macho na mdomo iongee na watoto. Naomba unielekeze storibodi ya kazi kama hii inachorwaje."

Nzuri mdogo wangu. Storibodi ya kazi hii, yani ile michoro ya shoti moja moja kwenye karatasi, usiianze na shoti namba moja. Chukua karatasi, acha nafasi tupu juu, anza kuchora katikati ya video, pale mikono ina sabuni na inasuguana, ukishamaliza hapo ndo urudi nyuma utafute mtoto alifikaje pale kisha uende mbele uone anatokaje. Nakwambia hivi kwa sababu kusugua ndo somo lenyewe, na ukianza na shoti ya kwanza utajikuta umemaliza sekunde 50 kwenye hadithi nzuri ya mtoto anacheza na mbuzi, afu kusugua kunabakiziwa sekunde tano za povu na nyota zinameremeta. Katuni za namna hiyo zimejaa. Mtoto anaiga muda aliouona, akiona povu la sekunde tano atasugua sekunde tano.

Kusugua kwa sabuni kunatakiwa kufike angalau sekunde 20, na tukio zima kuanzia kulowesha mpaka kukausha Shirika la Afya Duniani linaliweka kati ya sekunde 40 na 60. Maana yake kwenye dakika yako moja na nusu una nafasi ya kumuonyesha mtoto kunawa kukamilike kwa muda wake halisi, bila kuruka, na bado ukabaki na nafasi ya kisa kifupi mwanzoni na mwishoni. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza kwenye storibodi yako uwe huu: sekunde za kusugua hazikatwi, hata mteja akisema pale katikati panachosha. Kama panachosha dawa yake ni mdundo.

Sasa tuzigawe. Vitendo vya kusugua kwa wadogo hao weka vitano tu: kiganja kwa kiganja, mgongo wa mkono, kati ya vidole, dole gumba, na kucha kwenye kiganja. Kuna chati za watu wa hospitali zenye hatua nyingi kuliko hizo ila hawa ni watoto wa miaka mitano sita, vitano vinashikika. Viwili kati ya hivyo, mgongo na dole gumba, lazima vifanyike mkono mmoja kwanza afu wa pili, so vinataka muda zaidi. Mimi ningevipa hivi: kiganja sekunde 4, migongo sekunde 6, kati ya vidole 4, madole gumba 6, kucha 4. Jumla 24. Zile nne za ziada nimezitia makusudi, utaona hapo chini zinakwenda wapi.

Tengeneza mdundo kabla hujachora kitu kingine. Ukichukua tempo ya midundo 120 kwa dakika, kila mdundo ni nusu sekunde, na kama video yako ni fremu 24 kwa sekunde basi kila mdundo ni fremu 12 kamili, hakuna desimali. Mkono ukienda mbele mdundo mmoja na ukirudi mdundo mmoja, una lupu ya fremu 24 ambayo unaitengeneza mara moja na inajirudia kitendo kizima bila kuachana na muziki. Kitendo cha sekunde 4 kinakuwa midundo 8, cha sekunde 6 midundo 12, na kusugua kote ni midundo 48. Ikitokea kuna mtu anataka kuirusha kwenye tivii na akakuomba fremu 25, usinyooshe video, badilisha tempo iwe 125, hapo mdundo unabaki fremu 12 zilezile, ila muda unapungua kidogo, kwa hiyo ongeza midundo minne kwenye kucha.

Maneno ya msimulizi yanakaa ndani ya midundo hiyo. Kwa Kiswahili usihesabu maneno, hesabu silabi, kwa sababu neno moja letu linaweza kuwa na silabi mbili au saba. Kwa watoto wadogo mimi napanga silabi tatu hadi nne kwa sekunde. Ona hivi:

Kiganja kwa kiganja.
Mgongo wa mkono.
Pishanisha vidole.
Zungusha dole gumba.
Kucha kwenye kiganja.

Kila mstari una silabi saba. Saba zinakaa vizuri ndani ya midundo minne, yani sekunde mbili, afu midundo inayobaki msimulizi ananyamaza kabisa, inasikika ngoma tu na sauti ya kusugua. Ule ukimya usiuogope na usiujaze. Ndo pale mtoto anapofanya mwenyewe au anarudia maneno, ukimjazia maneno mengine anaacha kufanya anasikiliza. Kwenye vitendo vya mikono miwili, ukifika mdundo wa saba msimulizi anasema "badilisha", silabi nne, na mikono inabadilishana.

Kingine, sauti itangulie mkono. Neno lianze kwenye mdundo wa kwanza, mkono uanze kusogea mdundo wa pili. Mtoto anasikia kwanza, jicho linatafuta, linakuta mkono unaanza. Vikianza pamoja anakuwa anakimbizana na video muda wote. Hapo ndo zile sekunde nne zinapoliwa: nusu sekunde kila kitendo kikianza na nusu sekunde kila wakibadilisha, jumla sekunde tatu na nusu, unabaki na kusugua halisi sekunde 20 na nusu.

Twende kwenye kuchora sasa, na hapa ndo naona wengi wazuri wa grafiki wanapotea, kamera inakaa wapi. Kwa kawaida mtu anamchora mtoto anatutazama, mikono ipo kifuani, anasugua huku anatabasamu. Ni picha nzuri lakini haifundishi, kwa sababu vidole vinamuelekea mtazamaji, kulia kunakuwa kushoto, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuigeuza ile picha kichwani huku anafanya. Kamera iweke kwenye macho ya mtoto mwenyewe. Mikono iingie kutoka chini ya fremu, mtazamaji aione kama anavyoiona yake akiinamisha kichwa. Ukifanya hivyo hahitaji kugeuza kitu, anaiweka mikono yake mbele ya skrini na inafanana. Na ukishachagua pembe hiyo usiibadilishe kwa vitendo vyote vitano. Isogeze kamera karibu kidogo kwenye dole gumba na kucha, basi, usizunguke wala usikate kwenda usoni.

Nikuonyeshe shoti moja nzima jinsi inavyokaa kwenye karatasi, tuchukue ya dole gumba, kwenye mpangilio wangu inaangukia shoti 11. Kitendo kimoja hakitoshi kwenye kiboksi kimoja, kwa hiyo unakuwa na 11A, 11B na 11C. Kwenye 11A unachora dole gumba la kushoto limesimama, mkono wa kulia uko wazi pembeni yake haujashika bado, na mshale wa duara unazunguka lile dole. Chini unaandika mdundo 1, msimulizi "Zungusha dole gumba", sauti ya ngoma. Kwenye 11B mkono wa kulia umelifumbata dole gumba lote mpaka shinani, mshale umeshapotea, chini unaandika mdundo 2 mpaka 6, anazungusha kwenda na kurudi, lupu, sauti ya povu. Kwenye 11C mikono imebadilishana, kulia ndo inasuguliwa, mdundo 7 mpaka 12, msimulizi "badilisha", baada ya hapo kimya. Mishale ya mwendo wa kitu chora kwa kalamu nyekundu, na kamera ikisogea chora boksi dogo ndani ya boksi kubwa. Mtu yeyote akiokota karatasi hiyo anaweza kutengeneza shoti bila kukupigia simu, na hicho ndo kipimo cha kiboksi kilichokamilika.

Angalia 11B vizuri. Mkono umelifumbata dole mpaka shinani, hauchezi na ncha. Madole gumba na ncha za vidole ni kati ya sehemu zinazosahaulika sana watu wakinawa, wakubwa kwa wadogo, na mchoraji akichora kivivu mkono unagusa juu tu, basi darasa zima litagusa juu tu. Vivyo hivyo kwenye kucha, ncha za vidole zikunjwe zikwangue kiganja, usichore vidole vimenyooka vinapapasa.

Povu nalo lina mambo yake. Unavutiwa kulijaza ili ionekane sabuni kweli, matokeo yake mikono inakuwa wingu jeupe na hakuna anayeona kidole kipi kinafanya nini. Povu liweke pembeni, kwenye kingo za mikono na kwenye vifundo, katikati ya tendo pabaki wazi. Rangi ya ngozi ya kahawia na povu jeupe vinaachana vizuri, nyuma weka rangi moja tulivu, usiweke ukuta wenye matofali na maua. Ili mikono miwili isichanganyikane ule wa chini ufanye umekolea kidogo na mstari wa nje uwe mnene. Usimvalishe bangili kutofautisha, maana utakuwa unamfundisha kunawa na bangili mkononi.

Kwa moshen grafiki kanuni niliyo nayo ni kitu kimoja kinachosogea kwa wakati mmoja. Mshale ukitokea mkono umetulia, mkono ukianza mshale umeondoka. Kule kona ya juu weka matone matano yaliyo tupu, kila kitendo kikiisha tone moja linajaa rangi, hilo linamwambia mtoto bado mangapi bila kusoma, na mwalimu naye anajua wapo wapi. Lijaze kwenye mdundo wa mwisho wa kitendo, likijaa katikati jicho linakimbilia huko linaacha mikono. Maandishi usiweke, wa awali hawasomi na wa darasa la kwanza watapoteza sekunde zote wakiunganisha herufi. Na mkono usiende kwa mwendo mmoja kama mashine, ukifika mwisho wa kwenda na mwisho wa kurudi upunguze kasi kidogo, kwenye programu ya After Effects ukichagua zile nukta za mwendo, yani keyframe, na kubonyeza F9 unapata Easy Ease, inatosha kuanzia.

Tuje kwa msimulizi wako. Sabuni yenye macho na mdomo mimi nakushauri uiache. Mtoto akiona uso anautazama uso, hasa ukiwa unaongea. Sasa sabuni inayoongea inakuwa ipo fremu moja na mikono inayosugua, hao wawili wanagombania jicho na mikono itashindwa. Afu kuna swali gumu la sabuni ikishikwa mkononi inasuguliwa inaendelea kuongea au inafanyaje, utahangaika nalo. Chagua sauti ya dada mkubwa, binti wa kama darasa la sita saba hivi, aonekane mwanzoni akimwita mdogo wake na mwishoni wakila pamoja, lakini kwenye kusugua asikike tu, asionekane. Watoto wa umri huo wananawishwa na dada zao kila siku, sauti hiyo wanaijua na wanaitii bila kuogopa. Mtafute mtu mwenye sauti ya kuongea nyumbani. Mtangazaji wa redio anayejifanya mtoto wanamjua ndani ya sekunde mbili. Huyo binti arekodi kila mstari mara kadhaa, na mwambie atazame mikono yake mwenyewe wakati anasema, utasikia tofauti, pumzi inakaa mahali pake.

Sasa unaweza kurudi mwanzo. Sekunde 15 za kwanza zinatosha kwa kisa, shoti tatu. Shoti ya kwanza yule mdogo wake dada, tumwite Zawadi, anacheza kwenye udongo, ya pili dada anaita chakula tayari na mkono wa Zawadi unanyooka kuelekea sinia la viazi vya kuchemsha, ya tatu mkono unasimama hewani na kioo cha kukuzia kinashuka juu ya kiganja. Ndani ya kile kioo tu ndo tunaona vijidudu. Nje ya kioo mkono unaonekana wa kawaida, hauna hata tope, kwa sababu amejipangusa kwenye sketi. Hapo unakuwa umefundisha kitu ambacho maneno yanashindwa, kwamba mkono unaoonekana safi unaweza usiwe safi. Ukivichora vijidudu vinatembea juu ya mkono bila kioo, mtoto atatazama wake, haoni kitu, ataamua yeye hahusiki.

Vijidudu vyenyewe vichore maumbo rahisi, vimeganda kwenye ute wa mafuta na uchafu wa ngozi, visiwe na macho mazuri ya kuchekesha maana watoto wanavipenda wanavionea huruma vikioshwa. Na usivipige kwa upanga. Kazi kubwa ya sabuni hapa ni kulegeza yale mafuta na uchafu ambavyo vimejishikiza, kisha maji yanavichukua, kwa hiyo kwenye kusugua vinalegea vinateleza na povu, kwenye kusuuza vinateremka na maji. Kioo kikirudi mara ya pili wakati wa kusuuza, mtoto anaelewa kwa nini kusugua peke yake hakutoshi na kwa nini maji peke yake hayatoshi.

Shoti ya nne mpaka ya saba ni sehemu ya kunawia, na hapo lazima uwaulize walimu kabla hujachora mstari: watoto wananawia wapi? Usikisie. Kama shule ina kibuyu chirizi chora kibuyu chirizi, kama ina ndoo yenye koki chora hiyo. Ukichora sinki la vigae na bomba linalong'aa mtoto ataona ni habari ya nyumba za watu wengine. Tuseme ni kibuyu chirizi, kidumu cha lita 5 kimening'inizwa kwenye mti mlalo, kamba imefungwa shingoni inashuka mpaka kwenye fimbo ya kukanyaga chini, sabuni imetobolewa imening'inia pembeni kwa kamba yake. Kwenye shoti ya nne mpe sekunde 5, iwe pana, kamba ionekane yote kutoka kwenye kidumu mpaka kwenye fimbo. Ya tano sekunde 3, karibu na mguu unakanyaga. Ya sita sekunde 4, kidumu kinainama na maji yanatiririka mikononi. Ukiruka ile shoti pana ukaenda moja kwa moja mguuni, mtoto asiyekijua hatounganisha mguu na maji, ataona mguu, ataona maji, mambo mawili tofauti. Ya saba sekunde 5, sabuni, na hapo onyesha mguu umeshaachia fimbo na maji yamekata. Kusugua kote maji yamefungwa, kidumu cha lita 5 hakiwezi kuhudumia darasa kama yanamwagika sekunde 24 kwa kila mtoto.

Na kwa kuwa mko Njombe, baridi hiyo naijua, kuna mtu atakwambia uchore maji ya moto yenye mvuke. Usichore. Maji ya baridi yananawisha sawa tu, kinachofanya kazi ni sabuni na kusugua, na ukimuonyesha mtoto mvuke siku yasipokuwepo ya moto hatonawa.

Baada ya kusugua una kusuuza sekunde 8, mguu unakanyaga tena, vidole vinatazama chini na kioo kinarudi. Kukausha sekunde 6, na hapa pana mtego, mtoto akimaliza kunawa kitu cha kwanza anachofanya ni kujifuta kwenye sketi au kaptula ileile aliyochezea. Kama kila mtoto hana kitambaa chake safi, taulo moja la darasa zima usilichore, mchore anakung'uta mikono mara tatu anaiacha hewani ikauke, na ikikaushwa kwa mdundo uleule watoto wanafurahia sana hiyo sehemu.

Kuna kishawishi cha kuonyesha kwanza makosa, mtoto anachovya mikono kwenye beseni moja na wenzake halafu alama kubwa ya X inatua juu. Kwa hao wadogo acha. Wanaiga kitendo walichokiona, ile X ni kama pambo kwao, na ikitokea kitendo cha makosa kimechorwa kwa uchangamfu ndo kitakachobaki. Onyesha maji yanayotiririka na sabuni, mwanzo mpaka mwisho.

Sekunde 20 za mwisho zigawe mbili. Kumi Zawadi na dada yake wanakula. Kumi nyingine Zawadi anatoka chooni, na badala ya kupita anakwenda moja kwa moja kwenye kibuyu chirizi, dada anasikika "na ukitoka chooni pia". Hapo usirudie vitendo vyote, mguu ukikanyaga fimbo na ile ngoma ikianza watoto wenyewe watamalizia. Nyakati nyingine za kunawa zipo, ila kwenye video moja weka hizo mbili, kabla ya kula na baada ya choo, nyingine mwalimu atazisema.

Kuhusu vifaa, karatasi ya A4 ikunje upate viboksi sita, chora kwa penseli, na kichoro cha kwanza kifanye kidogo, saizi ya kiberiti. Sababu ni kwamba video hii itaishia kwenye simu za walimu kupitia WhatsApp, imebanwa, kioo kina mikwaruzo, so kama kitendo hakisomeki kwenye boksi la kiberiti hakitosomeka huko. Ukitaka kompyuta, Krita ni ya bure na kuanzia toleo la 5.0 ina sehemu ya Storyboard inayokuwekea sekunde chini ya kila picha. Lakini kwa mtu aliyezoea kuingia moja kwa moja kwenye After Effects kama wewe, nakuomba hii ya kwanza uichore kwa mkono, ukiwa kwenye kompyuta utaanza kupamba kabla mpangilio haujakaa.

Ukimaliza viboksi vyote vipige picha, viweke kwenye taimlaini kila kimoja na muda wake, weka ngoma na sauti yako mwenyewe uliyorekodi kwa simu, uirushe kama video. Hiyo inaitwa animatiki, ni michoro ya penseli isiyosogea lakini muda wake ni wa kweli. Hapo bado kubadilisha kitu ni kufuta na raba. Ukishaanza kuanimeti, kubadilisha sekunde mbili za dole gumba kunakuharibia lupu, ngoma, matone na kila kilichofuata.

Animatiki hiyo ipeleke darasani kabla ya kitu kingine chochote, uwaonyeshe watoto wachache bila kuwaelekeza, mwalimu naye anyamaze. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo. Simama pembeni ya skrini utazame mikono yao. Wakianza kusugua wenyewe kwenye "kiganja kwa kiganja" mdundo unafanya kazi. Wakisimama kwenye kupishanisha vidole na kutazamana, picha ya kianzio haisomeki, ongeza kiboksi kimoja cha mikono kabla haijapishana. Wakiwa bado wanashika dole gumba wakati video imeshasema "badilisha", usipunguze maneno, ongeza midundo minne pale, maana mtoto anahitaji muda wa kulitafuta dole lake. Na wakigeuza geuza mikono kama wanaotafuta upande, rudi ukaangalie kamera yako, kuna mahali umeitoa kwenye macho ya mtoto.

Siku ya pili warudie wakanawe bila video, kwenye kile kibuyu chao, uone vitendo vingapi vinabaki na kipi kinapotea. Kinachopotea ndo kiongezewe midundo kwenye storibodi, na muda wake uukate kwenye kisa cha mwanzo, usiukate kwenye kusuuza. Wakishakaa sawa hapo, funga muda wote, usiuguse tena, ndo ufungue After Effects.